Duara la Mtu Nisiyemjua

Alama ya vema haina lugha moja. Mwalimu wa Tanzania akiichora kwa kalamu nyekundu mwishoni mwa jibu, mwanafunzi anafurahi. Japani mwalimu anayekubali jibu huchora duara, na vema ndiyo inayosema umekosa. Uswidi na Ufini pia kuna walimu wengi ambao kwa miaka mingi wameweka vema pale penye kosa. Kwa hiyo ukiokota karatasi ya mtihani barabarani na kukuta ina maduara na vema, unachokijua kwa uhakika ni kimoja: mtu alipita hapa na kalamu. Alitaka kusema nini, hilo ni jambo la kuchunguza.

Nimeanza kulichunguza kwa sababu ya mtoto wa mama yangu mdogo. Anarudia mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hana darasa, hana mwalimu wa fizikia wa kumfuata ofisini, na shule yake kwa sasa ni simu. Kwenye makundi ya Wasapu anakusanya picha za mitihani iliyopita na majaribio ya shule mbalimbali, kisha ananitumia mimi, kwa kuwa nasoma shahada ya uzamili na fizikia naifahamu kidogo. Karibu kila picha inafika ikiwa imeshachorwa. Swali lake huwa lilelile: "Dada, haya waliyozungushia ni ya kweli?"

Kwake hili si swali dogo. Akiamini alama mbovu, atakariri majibu mabovu, na atayabeba hadi kwenye chumba cha mtihani akiwa na uhakika wote. Akikataa kila alama, atatupa msaada pekee alionao kwa maswali ambayo hawezi kuyafanya mwenyewe. Inabidi tujue namna ya kuipima alama kama tunavyompima shahidi.

Jambo la kwanza ni kujua karatasi yenyewe ilitumikaje. Katika mtihani wa taifa wa kidato cha nne, mtahiniwa hazungushii jibu kwenye karatasi ya maswali. Anaandika herufi ya jibu kwenye kijitabu cha kujibia, na kijitabu ndicho kinachokusanywa na kusahihishwa. Maana yake ni kwamba duara unaloliona kwenye karatasi ya maswali halikuwahi kusahihishwa na mtu yeyote. Linaweza kuwa wazo la kwanza la mtahiniwa, ambalo alilibadilisha dakika kumi baadaye pale kwenye kijitabu. Linaweza pia kuwa limechorwa nyumbani wiki mbili baada ya mtihani, na mtu aliyekuwa anajadiliana na wenzake. Karatasi haisemi.

Jambo la pili ni mahali alama ilipokaa. Vema iliyo juu ya herufi kwa kawaida ni ya mtu anayechagua. Vema iliyo pembeni ya namba ya swali ni ya mtu anayesahihisha, au ya mtu anayejikumbusha kwamba swali hilo ameshalifanya. Hizo mbili za mwisho zinafanana kwa macho lakini zimepishana sana kwa maana. Njia ya kuzitenganisha ni kutazama ukurasa mzima: msahihishaji huacha pia alama za kukosa, au jumla ya alama mahali fulani. Ukurasa wenye vema kumi pembeni ya namba kumi, bila mkasi hata mmoja na bila jumla, yaelekea ni wa mtu aliyekuwa anahesabu alikofika.

Kuna aina ya swali ambapo alama nyingi ni ushahidi wa jibu lisilo na alama. Ni yale maswali ya "yote yafuatayo ni kweli isipokuwa". Mtu makini huyapitia machaguo moja moja, na kila linapokuwa kweli huweka vema. Mwishoni A, B, C na E vina vema, D imebaki tupu, na D ndiyo jibu. Mdogo wangu aliwahi kunitumia ukurasa wa namna hiyo akilalamika kwamba mchoraji amechanganyikiwa, majibu manne kwenye swali moja! Kumbe mchoraji alikuwa ndiye mtu aliyesoma swali vizuri kuliko wote kwenye kundi.

Jambo la tatu ni picha. Simu haipigi picha ya alama tu, inapiga na karatasi. Karatasi nyepesi hupitisha wino wa ukurasa wa nyuma, na duara la nyuma linaweza kuangukia juu ya herufi ya mbele. Utalijua kwa kuwa limefifia kuliko mengine, na mara nyingi pembeni yake kuna maandishi yaliyogeuka kama kwenye kioo. Programu za simu zinazogeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe, ili ionekane kama fotokopi, zina tatizo lao. Zinaongeza weusi kwa nguvu, hivyo penseli iliyofutwa kwa kifutio inaweza kurudi kama alama mpya, na wino mwekundu wa mwalimu unafanana na wino wa mwanafunzi. Ndiyo maana siku hizi namwambia mdogo wangu aombe picha ya rangi, kama ilivyopigwa, kabla haijapitishwa popote.

Nimejifunza pia kutojidanganya kuhusu kitu kimoja. Pakiwa na alama mbili kwenye swali moja, duara la wino kwenye B na vema ya penseli kwenye D, mtu anatamani kusema ipi ilikuja ya mwisho, kwa sababu ya mwisho ndiyo marekebisho. Kwenye picha ya simu hilo halionekani. Hata wataalamu wa nyaraka wanaochunguza mistari iliyopishana kwa darubini, wakiwa na karatasi halisi mezani, hupata shida kusema ni upi ulio juu. Alama mbili zinazopingana zinakwambia tu kwamba hapo palikuwa na ubishi. Hiyo peke yake ni taarifa nzuri: swali lile ni gumu, lifanye kwa uangalifu.

Sasa nieleze ukurasa mmoja kwa kirefu, maana ndio ulionifundisha zaidi. Ulikuwa jaribio la fizikia la shule fulani, maswali kumi ya kuchagua, kila moja na machaguo matano kuanzia A hadi E. Maduara yalikuwa ya wino wa bluu, mkono mmoja, nadhifu. Namba 1 hadi 9 zilikuwa na duara moja kila moja. Namba 10 haikuwa na kitu.

Kabla ya kuyatazama maduara, nilimwambia mdogo wangu anisomee maswali kwa sauti, bila kunitajia kilichozungushiwa. Niliyafanya yote kumi kwenye daftari. Majibu yangu yalikuwa B, D, A, C, E, B, A, D, C, B. Kisha akanisomea maduara: B, D, A, C, E, A, D, C, B, na la kumi hakuna.

Matano ya mwanzo yanafanana yote. Mtu anayebahatisha kati ya machaguo matano ana nafasi moja kati ya tano kulingana na mimi kwenye swali moja. Kulingana kwenye matano mfululizo ni moja kati ya 3,125. Kwa hiyo mchoraji hakuwa anabahatisha. Lakini kuanzia namba 6 hatukukubaliana hata mara moja.

Namba 6 ilihusu jiwe lililorushwa wima kwenda juu kwa mwendo wa mita 20 kwa sekunde, g ikichukuliwa kuwa 10, na kuuliza kimo cha juu kabisa linachofika. Kimo ni v²/2g, yaani 400 kugawa kwa 20, sawa na mita 20, ambayo ilikuwa B. Duara lilikuwa kwenye A, mita 40. Namba hiyo haikutoka hewani. Ukisahau ile 2 chini ya mstari unapata 400 kugawa kwa 10, na ndipo 40 inapozaliwa. Watunga mitihani hufanya hivyo makusudi: machaguo yasiyo sahihi hutengenezwa kutokana na makosa ambayo wanafunzi huyafanya kweli. Hivyo duara lililokosea mara nyingi linakuonyesha kosa lenyewe, na unaweza kusema mchoraji aliteleza hatua gani.

Namba 7 ilikuwa rezista mbili za omu 6 na omu 3 zilizounganishwa sambamba. Jibu ni 18 kugawa kwa 9, yaani omu 2, ambayo ni A. Duara lilikuwa kwenye D, omu 18. Hapa pia kuna maelezo: mtu amezidisha 6 kwa 3 akasahau kugawa kwa jumla yake. Mpaka hapo hadithi inasimama vizuri. Mchoraji anajua kanuni, lakini anaacha sehemu ya chini ya mstari. Pengine alichoka.

Namba 8 ndiyo iliyoivunja hadithi hiyo. Iliuliza ni kipi kati ya vitu vilivyotajwa ni vekta. D ilikuwa kasimwelekeo, C ilikuwa muda. Duara lilikuwa kwenye C. Hapo hakuna mstari wa kusahau, hakuna hesabu ya kuchoka. Mtu aliyepata matano ya mwanzo, mawili kati yake yakiwa magumu kuliko hili, hawezi kirahisi kusema kwamba muda ni vekta. Kosa lisiloelezeka kwa fizikia linataka maelezo ya nje ya fizikia.

Nikaandika mistari miwili, mmoja chini ya mwingine. Majibu yangu ya 7, 8, 9 na 10 ni A, D, C, B. Maduara ya 6, 7, 8 na 9 ni A, D, C, B. Ni yaleyale, yamesogea hatua moja. Mchoraji alikuwa na orodha ya majibu sahihi, ya kuandikwa au ya kusomewa, na alipofika namba 6 akaruka mstari mmoja. Kila jibu lililofuata likakaa kwenye swali lililotangulia. Na ndiyo sababu namba 10 ilikuwa tupu: orodha ilikuwa imeisha.

Naweza kujiuliza kama na hili ni bahati. Maduara manne kulingana yote na majibu ya swali linalofuata, kwa kubahatisha, ni nafasi moja kati ya 625, na bado kuna ile namba 10 iliyobaki wazi, ambayo maelezo mengine yote hayaigusi. Kwangu ilitosha. Cha ajabu ni kwamba ukurasa wenye makosa manne kati ya tisa ulikuwa umetoka kwenye chanzo ambacho hakikukosea hata mara moja. Chanzo kilistahili kuaminiwa, duara halikustahili. Ni vitu viwili, na tukisema "alama hizi ni za kweli" huwa tunavichanganya.

Mdogo wangu alikuwa ameshaupata ukurasa huo mara tatu, kutoka makundi matatu. Kwake hilo lilikuwa jambo kubwa. "Dada, watu watatu wamezungushia hivyohivyo," aliniambia. Tukazifungua picha zote tatu. Kwenye kila moja kulikuwa na kivuli cha kidole gumba kilekile upande wa kushoto chini, na mkunjo uleule uliopita katikati ya namba 4. Ilikuwa picha moja iliyosambazwa mara tatu. Mashahidi watatu wanaosimulia walichosikia kwa mtu mmoja ni shahidi mmoja mwenye sauti tatu. Kabla ya kuhesabu watu wanaokubaliana, tafuta kidole gumba.

Kukubaliana kwenyewe kuna thamani yake, ila kwa sharti moja. Tuseme mimi napata maswali saba kati ya kumi ya aina fulani, na mchoraji naye anapata saba kati ya kumi, kila mtu akifanya peke yake. Uwezekano wa sote wawili kupata ni 0.7 mara 0.7, yaani 0.49. Uwezekano wa sote kukosa ni 0.09. Lakini kukosa kuna njia nne, kwa kuwa machaguo mabovu ni manne, na kama tunakosa ovyo tutaangukia kosa lilelile robo tu ya mara hizo, ambayo ni kama 0.02. Kwa hiyo tukikubaliana, nafasi ya kuwa tumepata ni kama asilimia 96. Kila mmoja wetu alikuwa na asilimia 70 tu. Watu wawili wa kawaida, wakifanya kazi kila mtu kivyake, wanatengeneza shahidi mzuri sana.

Namba hiyo inashuka pale ambapo swali lina mtego mmoja wenye nguvu, kama ile mita 40. Ikiwa kila anayekosa anaangukia mtego uleule, kukubaliana kunatupa kama asilimia 84. Bado si mbaya. Ila inaporomoka kabisa ikiwa niliona duara kabla sijafanya swali, kwa sababu hapo sikubaliani na mtu, namfuata. Asilimia 70 ya mchoraji inabaki 70, na mimi sijaongeza chochote isipokuwa ujasiri.

Mtu atasema: mimi naweza kuliona duara na bado nikafikiri mwenyewe. Amos Tversky na Daniel Kahneman waliandika mwaka 1974 kuhusu jaribio linalonifanya nisite. Waliwazungushia watu gurudumu lenye namba 0 hadi 100, lililotegeshwa lisimame kwenye 10 au 65. Kisha wakawauliza ni asilimia ngapi ya nchi za Umoja wa Mataifa ziko Afrika. Waliopata 10 walikadiria, kwa wastani wa kati, asilimia 25. Waliopata 65 walikadiria 45. Gurudumu halijui chochote kuhusu Afrika, na watu waliliona likizunguka mbele ya macho yao. Kama namba ya gurudumu inavuta akili kiasi hicho, duara nadhifu la bluu, lenye sura ya mtu anayejua, litavuta zaidi.

Kwa hiyo tulikubaliana utaratibu, na ni mfupi. Anakata kipande cha karatasi ngumu na kukiweka juu ya kioo cha simu, kikifunika machaguo. Anasoma swali, anaandika jibu lake kwenye daftari, hata likiwa la kukisia, na pembeni yake anaandika U kama ana uhakika au S kama ana shaka. Ndipo anafunua. Pale alipoandika U ndipo anapompima mchoraji: wakitofautiana mara mbili kwenye maswali ya U, ukurasa mzima unashuka hadhi, na anajaribu kusogeza majibu hatua moja juu au chini aone kama yanaingiana. Pale alipoandika S ndipo mchoraji anaweza kumsaidia, kama ameshafaulu kwenye U.

Hata hapo kuna mpaka. Maswali yake ya U ni mepesi, ndiyo maana ana uhakika nayo. Mchoraji anayefaulu kwenye mepesi hajathibitisha lolote kuhusu magumu, na msaada unatafutwa kwenye magumu. Hili sina dawa yake. Ninachoweza kumwambia ni kwamba duara kwenye swali la S lisiandikwe kwenye daftari kama jibu. Liandikwe kama dai, lenye alama ya kuuliza, mpaka kitabu au hesabu iliunge mkono. Na wakitofautiana, asidhani kwamba wake ndio sahihi. Kwa zile saba kati ya kumi nilizotaja, tukitofautiana nafasi yangu ya kuwa sahihi inashuka hadi asilimia 43. Tofauti ni amri ya kurudia hesabu, kwa pande zote mbili.

Juzi alinitumia ukurasa mpya wa umeme. Safari hii haukuja peke yake. Chini yake kulikuwa na picha ya daftari lake, majibu kumi kwa mwandiko wake, saba yakiwa na U. "Namba 3 mimi na yeye hatuelewani," aliandika, "nimerudia mara mbili, na nadhani amejumlisha rezista kwa mfuatano wakati ziko sambamba." Nililifanya swali bila kufungua ukurasa wenye maduara. Lilikuwa kama alivyosema.